"Imelipiwa" na mtego wa -me- katika majaribio ya oda

Swali: Naandika majaribio ya duka la mtandaoni kwa Kiswahili. Oda yetu ina hali tano: imewekwa, imelipwa, imesafirishwa, imerudishwa, imerudishwa pesa. Mwenzangu anadai "imelipwa" ni kosa, na programa analalamika kwamba masharti ninayoandika yanasomeka kwa namna mbili. Niandikeje?

Jibu: Mwenzako ana haki. Kinacholipwa ni pesa yenyewe, deni, nauli, au mtu anayepokea: nauli imelipwa, fundi amelipwa. Kitu ambacho pesa imetolewa kwa ajili yake hulipiwa: safari imelipiwa, bidhaa imelipiwa. Oda iko upande huo wa pili, kwa hiyo andika "imelipiwa". Hata hivyo msomaji wa "oda imelipwa" atakuelewa, na mfumo hautaharibika. Kwenye hali nyingine tatu, neno lisilofaa linaweza kuzaa kosa ndani ya mfumo wenyewe.

"Imesafirishwa" inaweza kusomwa kama safari iliyokwisha, mzigo ukiwa tayari mikononi mwa mteja. Ikiwa hali yako inaanza pale mzigo unapotoka ghalani, "imetumwa" inatosha na haina utata.

"Imerudishwa" ina shida kubwa zaidi. Oda, bidhaa na pesa zote ziko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo kiambishi i- hakikuambii ni kipi kilichorudishwa. Hapa ngeli haikusaidii, itaje nomino yenyewe. Isitoshe, mteja aliyekwisha kumkabidhi msafirishaji kifurushi atasema "nimerudisha", ilhali ghala bado halijakiona. Mfumo ukiruhusu pesa itoke wakati huo, duka linalipa kabla ya kukagua mzigo. Andika "mzigo umerudi" ukimaanisha kwamba umefika ghalani na kupokelewa.

Kwa hali ya mwisho ningechagua "pesa zimerejeshwa". Rudisha na rejesha zinakaribiana sana kimaana, kwa hiyo huku kuzitenganisha ni makubaliano yenu tu: rudi na rudisha kwa mzigo, rejesha kwa pesa. Yaandikeni mwanzoni mwa waraka. Neno "marejesho" peke yake liepukeni, maana kwa watu wengi ni malipo ya mkopo, yaani pesa inayotoka kwa mteja badala ya kwenda kwake.

Sasa nije kwenye malalamiko ya programa, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Kiambishi -me- hueleza jambo lililokwisha kutendeka ambalo matokeo yake bado yapo. Oda iliyotumwa jana bado imelipiwa. Hata ile ambayo mzigo wake umerudi bado imelipiwa. Katika Kiswahili kauli za -me- hurundikana, moja haifuti nyingine. Hali za mfumo haziko hivyo: oda huwa katika hali moja tu kwa wakati mmoja, na ikiingia nyingine imeiacha ya kwanza.

Tuseme umeandika sharti hili: "Oda ikiwa imelipiwa, ghala linaweza kuituma." Kwa Kiswahili ni sentensi safi. Programa anayeisoma kama ilivyo anaweza kuandika:

```python
if oda.tarehe_ya_malipo is not None:
    tuma(oda)
```

Amekutii neno kwa neno, kwani tarehe ya malipo ipo. Lakini tarehe hiyo haifutiki oda ikishatumwa, wala mzigo ukirudi, wala pesa zikirejeshwa. Mfumo huu utakubali kutuma oda ileile mara ya pili. Ulichokusudia ni hiki:

```python
if oda.hali == "IMELIPIWA":
    tuma(oda)
```

Kwa hiyo jina la hali liandikwe kwa herufi kubwa na litanguliwe na neno "hali": "Oda iliyo katika hali ya IMELIPIWA inaweza kutumwa." Ukipenda kubaki na lugha ya kawaida, ongeza -ja- ya kukanusha: "oda iliyolipiwa lakini haijatumwa". Usiweke "haikutumwa" hapo. "Haijatumwa" inaacha mlango wazi, huenda ikatumwa baadaye. "Haikutumwa" husomeka kama habari iliyofungwa, na msomaji anaweza kudhani unazungumzia oda iliyoachwa kabisa.

Matukio nayo yawe na umbo lake. Hali inaelezwa kwa -me-, tukio liitwe kwa kitenzi kitupu: LIPIA, TUMA, POKEA MZIGO, REJESHA PESA. Hapa anayepokea mzigo ni ghala, mzigo unaporudi, si mteja. Katika sentensi tukio hubebwa na -ki-: "ikilipiwa" ni tukio linalotokea sasa hivi, "ikiwa imelipiwa" ni sharti kuhusu hali iliyopo. Ukizichanganya, programa hajui kama anasubiri ujumbe wa malipo au anasoma tu kilichokwisha hifadhiwa.

Ukipanga hali tano dhidi ya matukio manne unapata jedwali la visanduku 20, kila kimoja kikitaja hali ambayo oda inahamia, au kistari pale tukio lisiporuhusiwa:

| Hali | LIPIA | TUMA | POKEA MZIGO | REJESHA PESA |
|---|---|---|---|---|
| IMEWEKWA | IMELIPIWA | – | – | – |
| IMELIPIWA | – | IMETUMWA | – | – |
| IMETUMWA | – | – | MZIGO UMERUDI | – |
| MZIGO UMERUDI | – | – | – | PESA ZIMEREJESHWA |
| PESA ZIMEREJESHWA | – | – | – | – |

Mipito halali ni minne tu, na jaribio moja linalotembea kutoka juu hadi chini linaigusa yote. Ndiyo maana kosa la tarehe ya malipo huponyoka: katika jaribio hilo oda inatumwa mara moja, ikiwa katika hali sahihi, na kila kitu kinapita. Litazame kosa hilo kwenye safu ya TUMA. IMEWEKWA inakataa vizuri kwa sababu tarehe haipo. IMETUMWA, MZIGO UMERUDI na PESA ZIMEREJESHWA zinakubali, na zote tatu zilipaswa kukataa. Kosa linaonekana kwenye visanduku vitatu vyenye kistari, ambavyo watu wengi hawavijaribu.

Vistari viko 16. Kila kimoja kiwe na jaribio lake. Ukijaribu mipito miwili isiyoruhusiwa katika jaribio moja, kosa la kwanza linaweza kuusimamisha au kuuvuruga mfumo, na la pili likabaki limejificha.

Matokeo yanayotarajiwa yasiishie kwenye "mfumo ukatae". Mfumo unaweza kuonyesha ujumbe wa kukataa huku umekwisha kutoa pesa. Kwa kisanduku cha REJESHA PESA katika hali ya PESA ZIMEREJESHWA ningeandika hivi: "Oda iliyo katika hali ya PESA ZIMEREJESHWA ikipata tukio la REJESHA PESA kwa mara ya pili, hali inabaki ileile, na idadi ya miamala ya kurejesha pesa kwa oda hiyo inabaki 1." Kwa LIPIA katika hali ya IMELIPIWA andika vivyo hivyo, kwa sababu mtandao ukisuasua ujumbe wa kuthibitisha malipo unaweza kufika mara mbili. Hapo mfumo unaweza kuupokea ujumbe wa pili kimyakimya bila kuonyesha kosa lolote, ilimradi malipo yaliyoandikwa ni moja. Amueni mapema kati ya "unakataa" na "unapuuza", kisha mtumie kitenzi hicho kimoja katika waraka mzima.

Kwa hali ya kwanza, bakini na "imewekwa". Wengine hupenda "imepokelewa" wakimaanisha kwamba duka limeiona oda, lakini mteja akilisoma neno hilo kwenye simu yake atauliza nani amepokea mzigo wake.