Igizo la barabarani kwa darasa la kwanza: kabla hujaandika sikripti soma hii

Walimu wenzangu mliopangiwa darasa la kwanza mwaka huu, najua kuna siku utaambiwa "mwalimu, wanafunzi wako waandae kaigizo ka usalama barabarani" na unapewa wiki moja. Mimi nishapitia hapo mara kadhaa hapa Dar na mara ya kwanza niliharibu vibaya sana, kwa hiyo nawaandikia nilichojifunza, na sikripti yenyewe nawawekea hapa chini mkaitumie.

Kosa langu la kwanza niliandika kurasa mbili. Kulikuwa na msimulizi, trafiki ana hotuba, mama analia, na mtoto mmoja anagongwa na bodaboda. Msimulizi wangu wa miaka sita alisahau sentensi ya pili akaanza kulia mbele ya wazazi, hilo mtu angetegemea. Ila lililoniuma zaidi ni yule wa kugongwa. Alivyoanguka darasa zima likacheka, na kesho yake mapumziko nakuta wanacheza "kugongwa", kila mmoja anataka zamu yake ya kulala chini! Yani nilifundisha ajali badala ya kuvuka. Tangu siku hiyo kwenye igizo langu hagongwi mtu, boda inafunga breki, basi.

Sasa chagua jambo moja tu. Mimi nilichagua hili: daladala imesimama kwenye zebra ikawaruhusu watoto, watoto wanakimbia kupita mbele yake, kumbe boda inaipita daladala kwa upande wa pili na wala haiwaoni, kwa sababu kimo cha mtoto wa miaka sita kinafichwa chote na lile gari. Na mtoto wa umri huo anaamini kwamba akikuona wewe, na wewe umemuona. Ukimwambia "kuwa mwangalifu" hajui afanye nini na mwili wake. Mwambie "ukifika kwenye kona ya daladala simama, chungulia kulia", hiyo anaweza.

Upande wa kupanga jukwaa hapo ndo wengi wanakosea. Sisi magari yanapita kushoto, kwa hiyo mtoto akisimama ukingoni akiitazama barabara, gari la kwanza linatokea KULIA kwake. Mwaka wa pili mimi nililileta daladala kutoka kushoto kwa sababu mlango wa darasa ulikuwa huko, mzazi mmoja ambaye ni dereva akaniambia taratibu "mwalimu, hiyo daladala imetanua". Niliona aibu. Wazazi waweke ng'ambo ya barabara, watazamane na watoto. Ukipanga hivyo wazazi wataiona boda inakuja wakati watoto bado wamezibwa na daladala, na utasikia ukumbi mzima wanapiga kelele wenyewe bila kuambiwa.

Zebra usichore kwa chaki kwenye vumbi, inafutika kabla hata hawajaanza. Kata viroba vyeupe vya sulfeti vipande sita, kila kimoja weka jiwe dogo ncha zote mbili. Daladala ni boksi kubwa wanalibeba watoto wanne na liwe refu kuwapita wao, la sivyo halizibi kitu.

Sikripti hii hapa:

(Mtoto 1, Mtoto 2 na Dada wa darasa la tano wamesimama ukingoni.)

MTOTO 1: Dada, nishike mkono!
MTOTO 2: Na mimi!
DARASA LOTE: Kulia! Kushoto! Kulia tena!
(Wote watatu wanageuza vichwa taratibu. Daladala inatokea kulia kwao.)
DALADALA: Ngu-ru-ru-ru... pshii!
(Inasimama kabla ya zebra.)
KONDA: Piteni, watoto!
MTOTO 2: Twende mbio!
DADA: Hapana. Tunatembea.
(Wanatembea mpaka kwenye kona ya daladala. Wanasimama.)
DARASA LOTE: Moja imesimama! Ya pili je?
(Dada na watoto wanachungulia kulia. Boda inakuja.)
BODA: Pi pi piii! Kriiii!
MTOTO 1: Boda hiyo!
(Wanarudi hatua moja nyuma. Boda inasimama.)
ABIRIA WA BODA: Kaka, punguza mwendo!
BODA: Samahani, watoto.
DARASA LOTE: Kulia! Kushoto! Kulia tena!
(Wanatembea hadi ng'ambo.)
MTOTO 2: Tumevuka!

Imeisha. Ni dakika tatu hivi, na hakuna mtoto mwenye zaidi ya maneno matatu kwa mara moja. Ukiona unataka kuongeza msimulizi, jizuie. Yale maneno ya msingi nimeyaweka kwa darasa lote makusudi, kwamba hata mtoto mmoja akiganda igizo linaendelea, na pia kila mtoto anaondoka nayo mdomoni, sio wale wachache tu waliopata sehemu. Dada muombe kweli kutoka darasa la tano, asiwe wa darasa lako, maana ujumbe nusu ni kwamba wa miaka sita havuki peke yake.

Mazoezi: siku mbili za kwanza usigawe sehemu kabisa. Wafundishe wote ile ya "moja imesimama, ya pili je" huku wanapiga makofi, baada ya hapo ndo ugawe, na kila sehemu iwe na watoto wawili kwa sababu siku ya tukio lazima mmoja ataamka na homa. Watoto wanagombania ukonda, jiandae kwa hilo. Yule asiyependa kuongea mpe kona ya daladala abebe, hiyo kazi ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu yeye akisogea kila mtu anapotea.

Halafu kulia na kushoto. Ukisimama ukiwatazama, kulia kwako ni kushoto kwao, na wao watakuiga kama kioo. Wape mgongo wakati unawaonyesha! Kwenye mkono wa kulia wafunge uzi mwekundu, na ukitaka wakumbuke waulize "mkono wa kulia ugali uko wapi?", wataunyoosha wote, isipokuwa wale wa mashoto ambao hao unawategemeza kwa uzi tu.

Kama wameelewa huwezi kujua kwenye igizo, kwa sababu pale wanajua boda itakuja. Mimi kwenye zoezi la nne namficha boda, namwambia asije. Mtoto aliyekariri anafika kwenye kona anasubiri tu mlio, kichwa hakijageuka. Aliyeelewa anachungulia, anaona hakuna kitu, anapita. Mwaka jana kati ya wale wa kwanza kujaribu, wengi walisubiri mlio, nikarudia na boda inakuja mara moja haiji mara mbili mpaka wakaacha kusikiliza wakaanza kuangalia. Angalia na kitu kingine: kuna mtoto anachungulia kwa kutoa mwili mzima nje ya daladala, huyo tayari yuko njiani kwa boda. Mwambie miguu ibaki kwenye kiroba, shingo ndo itoke.