Kuitikia salamu za Idi za Waturuki

"Mama, Idi hii Waturuki niliosoma nao wamenitumia salamu tele. Kila mmoja namjibu 'teşekkürler', yaani asante, basi, lakini naona jibu langu limepooza. Nimwitikie nani vipi?"

Mwanangu,

Hiyo "teşekkürler" si kosa, ila umepokea bila kurudisha. Mtu amekuombea Idi ya heri, naye anangoja umwombee. Shukuru, kisha itikia, na namna ya kuitikia iko kwenye maneno aliyoanza nayo mwenyewe.

Akiandika "Bayramın mübarek olsun", amesema Idi yako iwe na baraka. Unaitikia "Senin de", yaani na yako pia. Akiandika "İyi bayramlar" au "Hayırlı bayramlar", amekutakia wewe Idi njema, kwa hiyo jibu ni "Sana da", nawe pia. Wageni huzibadilishana hizi mbili. Mturuki ataelewa, ila sikio lake litakwaruzika. Ukisahau ipi ni ya ipi, rudisha salamu nzima: "Teşekkür ederim, iyi bayramlar." Hiyo haina pa kukosea.

Hizo "senin" na "sana" ni za mtu mmoja mliyezoeana. Kwa mkubwa, mwalimu, mtu usiyemzoea, au familia nzima, sema "Sizin de" na "Size de", na "bayramın" inakuwa "bayramınız". Kwa marika yako mfuate alivyoanza: akikuandikia kwa heshima, nawe rudisha heshima. Kwa mkubwa usimfuate. Yeye ana haki ya kukuita "wewe" kavu. Wewe huna, kama vile shikamoo isivyojibiwa kwa shikamoo.

Tuseme mama wa rafiki yako amekuandikia hivi:

"Kızım, Kurban Bayramın mübarek olsun. Ailene selamlar. Gözlerinden öperim."

Amekuita binti yangu, amekuombea baraka za Idi kubwa, amesalimia watu wa kwenu, akamalizia kwamba anakubusu macho. Jibu lake:

"Teşekkür ederim teyzeciğim. Sizin de Kurban Bayramınız mübarek olsun. Selamınızı iletirim. Ellerinizden öperim."

"Teyze" ni mama mdogo au mkubwa, dada wa mama, na ndivyo wanavyomwita mama yeyote wa rika hilo; hicho kipande cha mwisho, "-ciğim", kinaongeza upendo. "Selamınızı iletirim" ni salamu nitazifikisha. Angalia sana busu la mwisho. Kwao mdogo humbusu mkubwa mkono siku ya Idi, kisha akauweka mkono ule kwenye paji la uso wake. Kwenye maandishi busu hilo limegeuka sentensi: mdogo anabusu mikono, mkubwa anabusu macho. Ukinakili ya kwake ukamrudishia macho, umejifanya mkubwa wake. Atacheka, hatakasirika, lakini kwa nini achekee hapo?

Wengine hawatumi salamu tu, wanatuma dua, na jibu la dua huanza na "Âmin". Kwa "Allah kabul etsin", Mungu apokee, ambayo utaisikia baada ya funga na baada ya kuchinja, itikia "Âmin, cümlemizden", atupokelee sote. Ni dada yake ile takabbala Allahu minna wa minkum unayoisikia msikitini kwetu. Hili ni jibu zuri hata kama mwenzako kachinja na wewe hukuchinja, maana halitaji mnyama wa mtu. Kwa "Allah nice bayramlara kavuştursun", Mungu atufikishe Idi nyingine nyingi, itikia "Âmin, hep birlikte", sote pamoja. Ukijibu dua kwa "sizin de" tupu, inaning'inia.

Utaona pia "Bayramınız kutlu olsun", sikukuu yenu iwe ya heri. Jibu ni lile lile, "Sizin de". Tofauti itakuja Oktoba 29, sikukuu yao ya Jamhuri, kwani nayo wanaiita bayram. Siku hiyo tumia "kutlu olsun". "Mübarek" iachie sikukuu za dini. Na Idi ndogo wengi huiita Ramazan Bayramı, wengine Şeker Bayramı, Idi ya peremende. Usiingie kwenye ubishi wa jina. Andika "bayramınız" peke yake, inatosha kwa wote.

Zile picha za maua na misikiti zinazorushwa kwa watu mia, "Size de iyi bayramlar" inazitosha. Aliyetaja jina lako, nawe mtaje lake.

Idi ndogo yao ni siku 3 na kubwa siku 4, kwa hiyo ukijibu siku ya pili au ya tatu hujachelewa. Zikiisha, ongeza neno moja mbele: "Geçmiş bayramınız mübarek olsun", Idi yenu iliyopita iwe na baraka. Wenyewe huitumia wakichelewa, hivyo huna haja ya kuanza na radhi ndefu.

Mama yako