Vipele vya mtoto mchanga: toa blanketi kwanza

"Mtoto ana siku 9, vipele vyekundu vimemujaa kwa shingo na mgongo, nimupake nini?"

Jambo dada, usimupake kitu. Wangu hapa Goma vilimutoka vile vile, juu ya baridi ya asubuhi tulimufunga kofia na blanketi mbili, nikigusa shingo, jasho tupu. Nikatoa blanketi moja, nikamusafisha na maji matupu, mafuta nikaacha kabisa, siku 3 ngozi ikatulia.

Finya kipele na kidole, wekundu ukipotea halafu urudi, mara nyingi ni joto tu. Ukibaki zambarau bila kupotea, ao vipele vina usaha, ao homa inafika 38, ao anakataa titi, kimbia hospitali saa ile ile, hata usiku.

Vyeupe vya kwa pua usivikamue, vinaishaka vyenyewe.