Tulipoonana Ana kwa Ana, Mvuto Ukapotea

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Nimeposwa na kijana ambaye kwa miezi kadhaa tumekuwa tukiwasiliana kwa simu tu, na nilihisi tuna kemia kubwa mno. Alipokuja nyumbani na wazee wake tukaonana kwa mara ya kwanza, sikuhisi chochote. Je, mvuto ule ulikuwa wa kweli? Na je, nimkatae?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, usimkatae kwa sababu ya kikao hicho kimoja, wala usimkubali kwa sababu ya miezi ile ya simu, kwa kuwa hali zote mbili zimechanganya mambo yanayotoka kwake na mambo uliyoyaleta wewe mwenyewe.

Kwamba nyoyo mbili huweza kupatana kabla hazijazoeana, hilo dini yetu hailikanushi. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kuitoa Muslim, kwamba roho ni majeshi yaliyokusanywa, zinazotambuana huungana na zisizotambuana huachana. Lakini hadithi hii haikutuambia kwamba kila msisimko anaoupata mtu ni roho kutambuana, na hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza.

Tuanze na simu. Ujumbe wa maandishi hauna uso wala sauti, na kwa hiyo anayeusoma ndiye anayeutia sauti. Chukua maneno mafupi kama haya: "Nimechoka leo, tutaongea kesho." Yakitoka kwa mtu uliyekwisha kumpenda, utayasoma kuwa ni ya mtu mkweli, anayejituma kazini, asiyependa kukupotezea muda. Yakitoka kwa mtu usiyemjali, maneno hayo hayo utayasoma kuwa ni ya mtu anayekukwepa. Ukifanya hivyo usiku baada ya usiku, utakuwa umejenga mtu kamili ambaye sehemu yake kubwa umeitunga wewe. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliwataja katika maandishi yake kuhusu mapenzi watu wanaopenda kwa kusikia sifa tu, akasema kuwa mtu huyo hujenga jengo lisilo na msingi, na siku ya kuonana ama jengo litapata nguvu au litaanguka lote. (Mazungumzo marefu ya faragha na asiyekuwa mahram nayo yana hukumu yake, na unaijua, sitaki ituondoe kwenye ulichouliza.)

Jambo hili lina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwaweka wanaume wazungumze kwa simu na wanawake wasiowajua, wakawaonyesha picha ambazo hazikuwa za wanawake hao. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke mzuri wa sura, wengine ya asiyekuwa mzuri. Kisha wasikilizaji wasiojua lolote kuhusu picha wakapewa kusikiliza sauti za wanawake peke yake, nao wakawaona wale waliodhaniwa kuwa wazuri kuwa ni wachangamfu na wapole zaidi. Maana yake ni kwamba tarajio la mwanamume lilibadili namna alivyozungumza, na mwanamke akaitikia kwa uchangamfu ule ule aliotendewa. Kwa hiyo uchangamfu wenu wa simu haukuwa uongo, kwani mliuhisi kweli nyote wawili. Ila ulizalishwa kwa sehemu kubwa na matarajio yenu, na hauwezi kuwa ushahidi wa tabia yake.

Sasa tukitazame kikao. Umekaa mbele ya baba yako na wazee wa upande wa pili, macho chini, kila mmoja anakupima, na yeye naye anapimwa. Katika hali hiyo hofu huziba kila kitu, na mtu mchangamfu huonekana mkavu. Zaidi ya hayo, hukuja kumtazama yeye. Ulikuja kutazama kama anafanana na yule uliyemjenga. Huenda uliyoyapata siku ile si kukosa mvuto, bali ni maombolezo ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Wala usidhani kuwa moyo kwenda mbio ungekuwa dalili bora zaidi. Watafiti wawili waliochapisha kazi yao mwaka 1974 waliona kwamba wanaume waliokutana na mwanamke juu ya daraja refu linaloyumba walielekea zaidi kumpigia simu baadaye kuliko waliokutana naye kwenye daraja imara, na wakaona kuwa mwili uliojaa hofu huweza kuhesabu mapigo ya moyo kuwa ni mapenzi.

Kinachobaki kuwa mvuto wa kweli ni kile kinachofungamana na alivyo yeye, kwa maana ya kile ulichokiona au kukisikia kwake: sura yake, sauti yake, anavyocheka, anavyomjibu mama yake. Jiulize swali moja: nikiulizwa kilichonivutia, je, nitataja kitendo chake au nitataja hisia zangu? Ukikuta unasema tu "alinifanya nijione wa pekee", basi hapo unajieleza wewe, hujamweleza yeye.

Ndiyo maana sheria ikaleta kutazamana. Al-Mughira bin Shu'ba alipomposa mwanamke, Mtume (s.a.w.) alimwambia amtazame, kwa kuwa hilo linaelekea zaidi kuleta mapatano baina yao. Haki hiyo ni yako pia, na wanazuoni wamejuzisha kurudia kutazama pale mara moja isipotosha. Basi mwambie baba yako waziwazi kwamba kikao kimoja hakikutosha. Omba vikao viwili au vitatu vingine, mahram wako akiwepo lakini bila umati wa wazee, na muulize mambo yenye majibu: anafanya nini akikasirika, deni lake ni kiasi gani, mara ya mwisho kugombana na ndugu yake walipatana vipi. Mtazame anavyojibu, si anachojibu tu. Katika siku hizo punguzeni ujumbe wa simu, usije ukaendelea kumjenga yule wa zamani.

Kipimo chako kisiwe msisimko, kiwe wepesi: je, kikao cha pili ulikaa kwa raha kuliko cha kwanza? Utulivu unaokua ni dalili njema hata kama hauna moto. Lakini kama kila ukikutana naye unazidi kutaka kuondoka, na sura yake au namna yake inakuchukiza, hiyo ni karaha, nayo haitibiwi kwa kusubiri ndoa. Mke wa Thabit bin Qays alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba hamlaumu mumewe kwa tabia wala dini, ila hawezi kuishi naye, na Mtume hakumlazimisha abaki, bali mwanamke huyo alimrudishia mumewe bustani aliyopewa mahari, wakaachana. Naye Barira, aliyekuwa ameachana na mumewe Mughith, alikuwa akililiwa naye mpaka machozi yakilowesha ndevu zake, Mtume akamwombea Mughith kwake, Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa kuwa ni maombezi tu, alisema hana haja naye. Mapenzi ya mmoja, hata yakiwa ya kweli kiasi gani, hayamdai mwenzake.

Swali istikhara baada ya vikao hivyo, wala usingoje ndoto wala mapigo ya moyo. Omba, kisha uendelee na uamuzi uliouona una maslahi. Na ukiamua kukataa, mpe walii wako jibu mapema alipeleke, wala huna haja ya kumtafutia kijana wa watu kasoro ya kumtwika. Kutosema zaidi ya "sikuridhika" kunatosha.

Wallahu a'lam.