Jibu: Hitler na ile miaka kumi

"Kama mfumuko wa bei wa 1923 ndio uliomleta Hitler, mbona aliingia madarakani 1933?"

Habari ndugu. Anza na matokeo ya uchaguzi, ndivyo ninavyowaelekeza wanafunzi wangu. Mwaka 1928, sarafu ikiwa imetulia, Wanazi walipata asilimia 2.6 tu ya kura, ingawa Mkataba wa Versailles uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, na fidia ambazo Ujerumani ilitakiwa kulipa, vilichukiwa vilevile. Chuki peke yake haikutosha. Baada ya uchumi wa dunia kuporomoka 1929, mikopo ya Marekani ilikauka, viwanda vikafungwa, na mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Kansela Brüning akapunguza mishahara na posho kwa amri za dharura za rais, akilikwepa bunge. Hapa pakazie macho, maana Wajerumani walishazoea kutawaliwa kwa amri kabla Hitler hajafika. Julai 1932 Wanazi wakapata asilimia 37. Novemba wakashuka hadi 33, lakini Rais Hindenburg akamteua Hitler kuwa kansela tarehe 30 Januari 1933, wahafidhina waliomzunguka wakiamini watamdhibiti. Kwa hiyo kwenye insha yako usiandike kwamba alichaguliwa na Wajerumani walio wengi.