Ukipanga hisa kwa vigezo, hesabu kwanza chake dalali

Vigezo vya kuchagulia hisa vinavyotajwa sana ni vinne: hisa rahisi ukilinganisha bei na thamani ya kampuni vitabuni, kampuni ndogo, hisa ambazo bei yake imekuwa ikipanda miezi ya karibuni, na kampuni bora zenye faida nzuri na madeni machache. Ushahidi wake mwingi umetoka Marekani. Watafiti Fama na French waliandika kuhusu udogo na urahisi mwaka 1992, Jegadeesh na Titman kuhusu hisa zinazopanda mwaka 1993. Lakini McLean na Pontiff, katika utafiti wao wa 2016, walikuta ziada ya vigezo vya namna hii, yaani faida inayozidi ile ya soko zima, imepungua kwa 58% baada ya kuchapishwa. Hapo gharama bado hazijatolewa.

Chukua mtu wa Mlandege mwenye shilingi 5,000,000, anayenunua kupitia dalali katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tuseme kila akinunua au akiuza anakatwa 2%. Akifuata hisa zinazopanda na kubadilisha zote kila miezi 6, kwa mwaka ameuza za milioni 10 na kununua za milioni 10. Makato ni 400,000, yaani 8% ya mtaji. Kama ziada aliyoitegemea ni 5%, basi ameachwa 3% nyuma ya aliyenunua na kutulia.

Mwenzake wa hisa rahisi anabadilisha robo tu, mara moja kwa mwaka. Makato yake ni 50,000, ambayo ni 1%. Ziada ikiwa 3%, anabakiwa na 2%.

Kampuni ndogo zina kidonda kingine, nacho hakiandikwi kwenye risiti. Mnunuzi anatoa 1,000, muuzaji anataka 1,040. Ukinunua sasa na kuuza sasa, umepoteza 40 kwa kila hisa kabla ya kamisheni. Weka oda yenye kikomo cha bei, usikubali bei yoyote, na uwe tayari kungoja hata wiki kadhaa.

Kwa hisa rahisi, wazee walishasema rahisi yavunja upishi. Bei inaweza kuwa chini kwa sababu kampuni inaoza. Hapo ndipo ubora unaposaidia: soma hesabu za miaka mitano, uondoe iliyopata hasara au inayokopa ili ilipe gawio, kisha katika zilizobaki ndio utafute rahisi. Sisi tungeanza na mchanganyiko huo, kwa kuwa hauhitaji kuuza mara kwa mara.

Kumbuka pia kwamba watafiti hugawa maelfu ya hisa katika mafungu, na soko letu halina hata kampuni 30. Ukichagua nne, matokeo yako yatatawaliwa na kampuni hizo, si kigezo. Na hata Marekani, hisa rahisi ziliachwa nyuma tangu 2007 hadi 2020. Hela ya ada ya skuli ya mwakani haiwezi kungoja hivyo.