Usaili wa video ukiwa chumba cha kupanga: laini ya CV isikae kwenye simu ya intaneti

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kubaki hapa Dodoma mkisubiri kuitwa, mtaambiwa mengi kuhusu shati la kuvaa na maswali ya kutarajia. Mimi nimekaa upande wa wanaohoji, na kilichotukatiza mara nyingi kilikuwa kitu kidogo zaidi. Msailiwa yuko katikati ya jibu zuri, sura inaganda, kisha anapotea. Akirudi anasema, "Samahani, mama alikuwa ananipigia."

Tuchukue mfano wa binti mmoja tuliyemwandaa mwezi Agosti. Alipanga chumba kimoja Nkuhungu, bati bila dari, sakafu ya saruji. Alikuwa na laptopu ya kuazima na simu yake yenye laini mbili. Usaili ulikuwa wa shirika lenye ofisi Nairobi, saa 10:00 kwa majira ya Afrika Mashariki, yaani saa nne asubuhi. (Andika hiyo saa kwa namna zote mbili kwenye karatasi. Kuna watu hujiandaa kwa saa kumi jioni.)

Intaneti ya laptopu ilitoka kwenye hotspoti ya simu. Laini ya bando ndiyo hiyo hiyo aliyoiandika kwenye CV, na laini ya pili ni ya familia. Kwenye simu nyingi za laini mbili, ukipokea simu kwenye laini isiyo na bando, data ya laini nyingine inasimama mpaka ukate. Hata laini yenye bando inaweza kusimamisha data au kushuka mtandao wakati wa maongezi, kama simu hiyo haipigi kupitia 4G. Kuzima mlio hakutoshi, maana kwenye simu nyingine data inayumba tangu inapoanza kuita.

Tulichofanya ni hiki. Laini zote mbili zinazojulikana na watu tulizihamishia kwenye kitochi cha mdogo wake. Simu janja ikabaki na laini mpya ya mtandao mwingine, ambayo namba yake hakuna mtu aliyekuwa nayo, ikiwa na bando la GB 3. Kitochi kinataka laini ya umbo kubwa, kwa hiyo usitupe kile kifremu cha plastiki laini inapobanduliwa. Ukikikosa, mafundi wa simu wanauza adapta. WhatsApp inaendelea kufanya kazi kwenye simu janja hata laini ikiwa kwingine, kwa hiyo simu za humo zinaweza kuita bado. Zinyamazishe, na usipokee.

GB 3 ni nyingi kwa makusudi. Zoom ya watu wawili kwa picha ya 720p inahitaji takriban Mbps 1.2 kwenda na kiasi kama hicho kurudi, ambayo ni kama GB 1 kwa saa. Zilizobaki ni kwa ajili ya Windows, ambayo ikiona intaneti huanza kujipakulia masasisho. Fungua mipangilio ya hiyo Wi-Fi na uwashe `Metered connection`, itatulia.

Pima kasi siku moja au mbili kabla, saa ile ile ya usaili, na uangalie namba ya kupakia kuliko ya kupakua. Watu hufurahia namba kubwa ya kupakua, lakini sura na sauti yako vinasafiri kwa ile nyingine. Ukiwa unawaona vizuri na wao wanalalamika unakatika, tatizo liko kwenye kupakia. Kwake ilisomeka 0.7 simu ikiwa mezani, ikapanda hadi 2.4 ilipowekwa kwenye kingo ya dirisha, karibu na nondo. Kama yako haipandi, zima HD kwenye mipangilio ya video. Zoom inaweza kuendelea vizuri kwa takriban 0.6.

Sauti ndiyo ilitupa kazi. Piga kofi moja katikati ya chumba chako. Ukisikia mlio unaobaki hewani, jopo litakusikia kama uko ndani ya tangi. Saruji na bati vinarudisha sauti. Tulisimamisha godoro ukutani nyuma ya laptopu, mahali sauti yake inapogonga kwanza, tukatandika blanketi sakafuni na juu ya meza. Kofi la pili likafa hapo hapo. Kisha eafoni za waya, za kawaida tu, kwa sababu maiki yake iko karibu na mdomo na sauti ya jopo hairudi kwenye spika. Angalia maiki isikwaruze kola au mtandio; ule mkwaruzo wewe huusikii, wao wanausikia. Ingia `zoom.us/test`, au jirekodi dakika moja, kisha mpe mtu mwingine asikilize.

Upepo wa Agosti ni habari nyingine. Bati lenye msumari uliolegea linagonga, na huwezi kulinyamazisha asubuhi ya usaili. Lishughulikie jana yake. Fundi wa kuchomelea geti au mashine ya kusaga, nenda kaongee naye mapema. Wengi wanakubali kusubiri saa moja ukiwaeleza.

Mwanga ni rahisi. Kaa ukitazama dirisha, usilipe mgongo, maana kamera hujirekebisha kwa kile kinachong'aa zaidi na uso wako unageuka kivuli. Ukuta mweupe nyuma unaleta shida hiyo hiyo kwa kiasi, hasa kwa ngozi zetu. Shuka la kijivu au kahawia linasaidia. Dirisha la binti huyu lilitazama mashariki, na saa nne jua lilikuwa bado linaingia. Tukatundika shuka jeupe, kwa sababu pazia la kijani lilimpaka uso rangi ya kijani. Kama una uchaguzi, mwezi Agosti dirisha la kusini ndilo lenye mwanga tulivu, kwa kuwa jua linapita kaskazini yetu. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi hali inageuka.

Usiku wa kuamkia siku hiyo angalia uniti za LUKU, chaji laptopu na simu zote mbili zijae. Umeme ukikatika, ruta ya nyumbani inazimika lakini hotspoti inabaki.

Na mpango wa dharura upeleke kwa jopo mapema, usibaki nao kichwani. Alimwandikia mratibu hivi: "Nitaungana kwa Zoom. Nikipotea zaidi ya dakika mbili, nitajaribu kurudi bila picha. Ikishindikana, tafadhali nipigieni kwa namba iliyo kwenye CV; iko hewani na haitegemei intaneti." Unaona kwa nini kitochi kilikaa mezani. Mkiona hali inayumba, zima video kwanza kabla hujakatika. Sauti peke yake inakula sehemu ndogo sana ya bando hilo. Laptopu ikiganda kabisa, Zoom iwe tayari kwenye simu janja, umeshaingia, linki iko kwenye barua pepe ya humo.

Dakika ya ishirini kweli alikatika. Aliporudi bila picha hakuanza kulaumu mtandao wala kurudia jibu zima. Aliuliza, "Mlinisikia mpaka wapi?" Wakamwambia ni pale kwenye bajeti, akaendelea kuanzia hapo.